Kusimama mlangoni au kurudi kulala: kufuli la kuzunguka na hesabu yake

Leo nawaletea jambo moja ambalo lilinipotezea usiku tatu wakati wa kutayarisha TFC yangu. Wale wa informatike watalitambua haraka. Wengine pia wasikimbie, maana mwanzo wake ni jambo la parsele.

Fikiria parsele moja kule Nyakasanza, nyumba sita, dushi moja. Asubuhi unaamka, unachukua sabuni na taulo, unafika, kumbe mlango umefungwa kwa ndani. Una njia mbili. Ya kwanza, unasimama pale pale mlangoni, unagonga kila mara: "Umemaliza? Umemaliza?" Ya pili, unamwambia aliye ndani, "Ukitoka uniamshe," kiisha unarudi kitandani. Njia gani ni nzuri? Inategemea. Kama yeye anajimwagia tu maji ya mwisho, kurudi nyumbani, kuvua viatu, kulala, kuamshwa na kurudi tena ni kazi ya bure, ungesimama tu. Lakini kama ndiyo ameingia sasa hivi na ndoo mbili, kusimama ni kuchoka bure, na tena unazibia wengine njia.

Ordinateri nayo inakutana na swali hilo hilo, mara maelfu kwa sekunde. Njia ya kwanza tunaiita kufuli la kuzunguka. Njia ya pili ni kufuli la kulala.

Kwanza, kwa nini tunahitaji kufuli

Programu yangu ilikuwa inasoma faili kubwa za mauzo, mstari kwa mstari, na kuhesabu jumla. Ili iende mbio nilitumia nyuzi kadhaa. Uzi ni kama mfanyakazi ndani ya programu: kila mmoja anasoma kipande chake cha faili, lakini wote wanaandika kwenye jumla moja.

Hapo ndipo hatari iko. Kuongeza moja kwenye jumla kunaonekana kama tendo moja, kumbe ni matatu: soma namba, ongeza, andika. Jumla iko 100. Uzi A unasoma 100. Kabla haujaandika, uzi B nao unasoma 100. A unaandika 101, B unaandika 101. Mauzo mawili yameingia, jumla imepanda kwa moja tu. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kitu kimeanguka. Jumla tu inakuwa ndogo kuliko ukweli, na kila ukirudia inatoka tofauti. Kwa hiyo tunaweka kufuli: anayetaka kugusa jumla afunge kwanza, aguse, kiisha afungue.

Kufuli la kwanza ambalo kila mtu anaandika vibaya

Wazo la haraka ni kutumia namba moja: 0 maana yake wazi, 1 maana yake imefungwa. Unaangalia, ukikuta 0, unaandika 1 na kuingia. Lakini kosa ni lile lile la jumla! Kati ya kuangalia na kuandika kuna upenyo. Nyuzi mbili zinaweza kukuta 0 pamoja, zikaandika 1 pamoja, zikaingia pamoja. Kufuli lenyewe linahitaji kufuli.

Njia ya kutoka haiko kwenye programu, iko kwenye prosesa. Prosesa zina amri maalumu ambazo haziwezi kukatwa katikati: kuangalia na kuandika vinakuwa tendo moja. Tunasema ni amri za atomi, kwa maana ya kitu kisichogawanyika. Jambo hili si la jana: mashini za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, tayari zilikuwa na amri ya namna hiyo.

Ya kwanza tuiite jaribu-na-weka. Inaandika 1 na papo hapo inakurudishia kilichokuwako kabla. Ukirudishiwa 0, maana yake kulikuwa wazi na wewe ndiye umefunga. Ukirudishiwa 1, kulikuwa tayari kumefungwa, na kuandika kwako 1 juu ya 1 hakukubadilisha kitu. Kwa lugha ya C:

```c
#include <stdatomic.h>
atomic_int kufuli = 0;

void funga(void) {
    while (atomic_exchange(&kufuli, 1) == 1)
        ;               /* zunguka */
}
void fungua(void) {
    atomic_store(&kufuli, 0);
}
```

Ni hilo tu. Kwenye prosesa za Intel na AMD ule mstari wa kubadilishana unakuwa amri moja inayoitwa `xchg`. Ile alama `;` iliyokaa peke yake ndiyo mtu anayegonga mlango: hafanyi kingine, anauliza tu, anauliza tena.

Amri ya pili ni linganisha-na-badilisha. Wewe unasema: "Kama bado ni 0, weka 1, kama siyo 0, usiguse kitu, niambie tu umekuta nini." Ina nguvu zaidi, maana unaweza kuitumia kwa mambo mengine mbali na kufuli. Lakini ina mtego, na mimi niliingia ndani yake mzima mzima. Tazama:

```c
int nategemea = 0;
while (!atomic_compare_exchange_strong(&kufuli, &nategemea, 1))
    nategemea = 0;      /* usisahau mstari huu! */
```

Amri hii ikishindwa, inaandika ndani ya `nategemea` kile ilichokikuta, yaani 1. Usiporudisha 0, mzunguko unaofuata utakuwa unasema: "Kama ni 1, weka 1." Bila shaka ni 1, mwenzako yuko ndani! Amri inajibu "sawa," na wewe unaingia juu ya mwenzako. Usiku wangu wa kwanza uliishia hapo. Kufuli liko, kodi inaonekana safi, lakini jumla bado inapungua. Ukiona kufuli linafanya kazi vizuri na uzi mmoja na linavuja na nyuzi mbili, angalia mstari huo kabla ya kutafuta mbali.

Jumla imekuwa sawa, lakini mashini inalia

Nikasahihisha. Jumla ikatoka sawa kila mara. Nikajisifu. Ordinateri yangu ni ya okazio, ina viini viwili, maana yake inaweza kuendesha nyuzi mbili kwa wakati mmoja kweli kweli. Na nyuzi mbili programu ilikwenda vizuri. Basi nikafikiri kama wengi: kama mbili ni mbio, nane zitakuwa mbio zaidi. Nikaweka nane.

Mdogo wangu aliyekuwa anasoma pembeni akainua kichwa: "Yaya, mashini yako inaunguruma kama grupu."

"Iko inafanya kazi, mdogo wangu. Nyuzi nane."

"Kazi gani, na mistari haiendi?"

Na kweli haikuwa inaenda. Viini vyote viwili viko juu kabisa, fani inapiga kelele, batri inashuka, na kurani siku hiyo haikuwako. Kazi ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko na nyuzi mbili. Ule ulikuwa usiku wa pili. Tufanye hesabu pamoja, tuone nini kilikuwa kinatokea. Namba hizi nazichukua za mviringo ili hesabu iwe rahisi. Kwenye mashini yako zitakuwa tofauti, lakini ukubwa wake ni wa namna hiyo.

Tuseme kazi ya ndani ya kufuli, yaani kugusa jumla na vitu vyake, inachukua nanosekunde 100. Tuseme kulala na kuamshwa, pamoja na kuomba kerneli ya sistemu iondoe uzi mmoja na kuweka mwingine, kunagharimu mikrosekunde 10, sawa na nanosekunde 10,000. Hapa kuzunguka kunashinda wazi wazi: kusubiri 100 au kulipa 10,000? Ni kama kusimama mlangoni nusu dakika badala ya kurudi kulala kwa nusu saa. Mpaka hapo waliotunga kufuli la kuzunguka wana haki.

Lakini hesabu hiyo ina sharti lililofichwa: aliye ndani lazima awe *anaendelea kufanya kazi*. Na kwenye mashini yangu sharti hilo lilikuwa linavunjika.

Viini ni viwili, nyuzi ni nane. Sistemu inagawanya zamu: kila uzi unapewa muda wake, tuseme milisekunde 3, kiisha unatolewa, mwingine unaingia. Sistemu haijui kwamba uzi wako umeshika kufuli. Kwayo lile kufuli ni namba tu kwenye kumbukumbu. Basi siku moja zamu ya uzi A inaisha wakati A uko ndani, umefunga. Unatolewa. Ni kama mtu amelala usingizi ndani ya dushi na ufunguo mkononi.

Sasa hesabu. Nyuzi nane kwenye viini viwili ni nne kwa kila kiini. A utarudi baada ya wenzake watatu wa kiini kile kumaliza zamu zao: mara 3 milisekunde 3, yaani milisekunde 9. Na hao watatu wanafanya nini kwenye zamu zao? Kila mmoja anafika kwenye mstari unaohitaji jumla, anakuta imefungwa, anazunguka mpaka zamu imalizike. Kwenye kiini cha pili, vile vile. Milisekunde 9 kwa viini viwili ni milisekunde 18 za prosesa, na kazi iliyofanyika ni sifuri. Kumbuka tulikuwa tunasubiri kazi ya nanosekunde 100. Ndani ya milisekunde 9 kazi hiyo ingeweza kurudiwa mara 90,000.

Na uchungu zaidi ni huu: wanaozunguka ndio wanaomzuia A asirudi. Wamekalia kiini ambacho A anakihitaji ili atoke na kufungua. Wanagonga mlango kwa nguvu, wakati wao wenyewe wamekaa juu ya mguu wa yule aliye ndani.

Na sistemu haiwezi kuwagundua. Kwake, uzi unaozunguka unaonekana mchapakazi sana: haulali, hauombi kitu, unatumia zamu yake yote.

Na kufuli la kulala je? A unatolewa na kufuli mkononi, sawa. B unafika, unakuta imefungwa, unaambia kerneli, "Nilaze." Kiini kinakuwa wazi mara moja. C, D, vile vile. Kila mmoja analipa mikrosekunde zake chache na kuondoka njiani, na A unarudi haraka, unamaliza, unafungua, unaamsha mmoja. Hapo gharama ya kulala, ambayo ilionekana kubwa, ni mchezo wa watoto mbele ya milisekunde 9.

Kwa nini kerneli yenyewe inazunguka?

Usiku wa tatu nilikaa na swali hili. Kama kuzunguka ni kubaya hivyo, mbona ndani ya kerneli ya Linux makufuli ya kuzunguka yako kila mahali? Jibu ndilo lilinifungua macho. Kwa kawaida kerneli ikifunga `spin_lock`, kwanza inakataza zamu isikatwe kwenye kiini kile. Aliye ndani hawezi kutolewa katikati. Atamaliza, kiisha ndipo zamu iangaliwe. Lile sharti letu lililofichwa, kwao linalindwa. Na kwenye kerneli iliyotengenezwa kwa mashini ya kiini kimoja, kuzunguka kunaondolewa kabisa, unabaki ule ukatazaji wa zamu tu. Ni haki: na kiini kimoja, unapozunguka, aliye ndani hawezi kuwa anatembea, maana kiini umekikalia wewe.

Programu yetu ya kawaida haina ruhusa ya kukataza zamu. Kwa hiyo tunakopa chombo cha kerneli bila kukopa kinga yake. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alieleza jambo hili kwa ukali mwezi wa kwanza mwaka 2020: mtu wa programu za kawaida asitumie kufuli la kuzunguka kama hajui vizuri sana anachofanya, kwa sababu hiyo hiyo ya aliye ndani kutolewa bila wengine kujua.

Kuna hali mbaya kuliko yangu. Ukitoa uzi mmoja kipaumbele cha juu cha muda halisi, ule wa `SCHED_FIFO`, kwenye kiini kimoja na uzi mdogo uliokwisha funga, mkubwa atazunguka na mdogo hatapewa nafasi ya kufungua. Hapo si milisekunde 9. Mashini inaweza kukwama moja kwa moja.

Kati ya njia mbili

Sasa, kama hujui aliye ndani atakaa muda gani, ufanye nini? Kuna kanuni nzuri, ambayo Anna Karlin na wenzake waliichunguza kwenye mashini halisi mwaka 1991: zunguka kwa muda unaolingana na gharama ya kulala, kiisha lala.

Tuipime na namba zetu. Gharama ya kulala ni mikrosekunde 10. Basi nazunguka mpaka 10. Kama kufuli limefunguka baada ya 4, nimelipa 4, na hakuna aliyeweza kufanya vizuri zaidi. Kama halikufunguka, nimepoteza 10 za kuzunguka na sasa nalipa 10 za kulala, jumla 20. Nabii anayejua kesho angelala mara moja na kulipa 10. Kwa hiyo hata siku yangu mbaya kabisa nimelipa mara mbili ya nabii, siyo mara mia. Kwa mtu asiyejua kesho, hiyo ni bei nzuri.

Na huna haja ya kuiandika mwenyewe. Kwenye Linux, `pthread_mutex_lock` ya kawaida ikikuta kufuli liko wazi inafunga kwa linganisha-na-badilisha moja tu, bila kusumbua kerneli. Ikikuta limefungwa ndipo inaomba kulala, kwa njia ya `futex`. Na hiyo `futex` ina akili moja: uzi hausemi tu "nilaze," unasema "nilaze *kama kufuli bado limefungwa*." Kerneli inaangalia tena kabla ya kulaza. Bila hivyo, mwenzako angeweza kufungua katika upenyo wa wewe kuelekea kitandani, na ungelala bila mtu wa kukuamsha. Ukitaka ijaribu kuzunguka kidogo kabla ya kulala, `glibc` ina aina ya `PTHREAD_MUTEX_ADAPTIVE_NP`.

Utajuaje kama programu yako inazunguka bure?

Mimi nilijua kwa fani na kwa mdomo wa mdogo wangu, lakini kuna vipimo. Endesha programu hivi:

```
nproc
/usr/bin/time -v ./programu
```

Ya kwanza inakuambia una viini vingapi. Ya pili inakupa vitu viwili vya kuangalia. Kwanza, linganisha muda wa saa ya ukutani na muda wa prosesa, ule wa `User time`. Ongeza nyuzi: kama muda wa prosesa unapanda na saa ya ukutani haishuki, au nayo inapanda, prosesa inachemsha maji bila chai. Pili, angalia `Involuntary context switches`, yaani mara ngapi uzi umetolewa kwa nguvu, na `Voluntary context switches`, mara ngapi umeondoka kwa hiari. Nyuzi zinazozunguka haziondoki kwa hiari. Ile ya nguvu ndiyo inajaa. Nyuzi zinazolala zinajaza ile ya hiari.

Nilibadilisha mistari miwili tu, kufuli langu likawa `pthread_mutex`, na fani ikanyamaza. Kiisha nikafanya kitu bora zaidi: nikaacha kila uzi uweke jumla yake ndogo peke yake, na kufunga mara moja tu mwishoni ili kujumlisha. Dushi ni moja, lakini si lazima kila mtu aingie kunawa mikono.

Kuzunguka kuna mahali pake: viini vya kutosha, nyuzi zisizozidi viini, kazi fupi sana ndani ya kufuli, na uhakika kwamba aliye ndani hatatolewa. Ukikosa hata moja ya hayo, chukua taulo lako urudi kulala. Utaamshwa.

Nani kati yenu ana mashini ya viini vinne au nane? Jaribuni kwa nyuzi 2, 4, 8 na 16, muandike hapa chini mlichoona kwenye ile mistari miwili ya hiari na ya nguvu. Tulinganishe.